Majaribio ya Juni 2026: mwaka wa kuzaliwa, siku zenyewe, na mambo ambayo mzazi ayajue kabla ya kumleta mtoto

Mwaka huu akademi yetu ya soka hapa Temeke inafanya majaribio Jumamosi tatu za mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa na masika imeshapita. Tunapokea wavulana na wasichana waliozaliwa kuanzia 2011 hadi 2016. Ratiba ni hii:

Jumamosi 13 Juni, saa 1:00 asubuhi: waliozaliwa 2015 na 2016 (chini ya miaka 11).
Jumamosi 13 Juni, saa 9:30 alasiri: waliozaliwa 2013 na 2014 (chini ya miaka 13).
Jumamosi 20 Juni, saa 1:00 asubuhi: waliozaliwa 2011 na 2012 (chini ya miaka 15).
Jumamosi 27 Juni: siku ya kurudi, kwa watakaoitwa tu.

Fomu zinachukuliwa kiwanjani kwetu Jumanne na Alhamisi, saa 10 hadi 12 jioni, na mwisho wa kurudisha ni Ijumaa 5 Juni. Kila kundi tunachukua watoto 40 wa kwanza kujiandikisha. Hakuna ada ya fomu wala ya majaribio. Mtu akikwambia mpe elfu kumi "akuwekee jina la dogo", huyo hajatumwa na sisi. Jumapili tumeiacha kwa ajili ya ibada, na mwenye madrasa Jumamosi asubuhi aseme wakati wa kurudisha fomu, tutaangalia pa kumweka.

Nafasi zenyewe ni chache, na ni vizuri ukajua mapema: nane kwa kundi dogo, sita kwa la kati, nne tu kwa la chini ya miaka 15, kwa sababu kundi hilo tayari lina watoto tuliokaa nao miaka mitatu. Kwa hiyo katika watoto 40 wa kundi la mwisho, 36 watarudi nyumbani bila nafasi. Mwambie mwanao hesabu hiyo kabla hajavaa njumu.

Anza na mwaka wa kuzaliwa

Katika soka la vijana, umri hauhesabiwi kwa siku ya majaribio. Unahesabiwa kwa mwaka. "Chini ya miaka 13" kwa 2026 maana yake ni mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2013 au baadaye. Aliyezaliwa 31 Desemba 2012, hata kama ni jana yake tu, yumo kundi la juu. Kila mwaka kuna mzazi anayegombana mezani kwetu kwa sababu hiyo, na kila mwaka jibu ni lile lile.

Leta cheti cha kuzaliwa cha RITA, nakala pamoja na halisi ya kuoneshea. Kama hakijatoka, leta tangazo la kizazi ulilopewa hospitali au kadi ya kliniki, pamoja na barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Tutampokea mtoto kwenye majaribio kwa karatasi hizo, lakini akichaguliwa hatutamsajili mpaka cheti kipatikane, kwa hiyo anza kukifuatilia leo. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa eRITA au ofisi ya wilaya, na kinachochelewesha zaidi huwa ni jina lililoandikwa tofauti kwenye kadi ya kliniki na kwenye kumbukumbu za shule. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujapeleka.

Sasa niseme jambo ambalo wazazi wengine hawapendi kulisikia. Usimpunguzie mtoto umri. Najua inavyofanyika: kijana wa miaka 15 anapewa cheti cha miaka 13, anatamba, kila mtu anasema ana kipaji. Miaka miwili baadaye wenzake wameota miguu, wamempita mbio, na kumbe alichokuwa nacho kilikuwa ni miezi 24 ya ziada tu. Hapo ndipo anapoachwa, tena akiwa hajui kucheza bila kutegemea nguvu.

Na kama kweli ana kipaji, mbele kuna kizuizi kingine. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, na CAF nayo inakitumia. Wanaangalia mstari wa gegedu ulio karibu na mwisho wa mfupa wa mkono, mahali mfupa unaporefukia. Mstari huo ukiwa umeshafunga kabisa, mchezaji anahesabiwa kuwa amevuka umri. Tanzania tumefaidika na kipimo hicho: Serengeti Boys walikwenda fainali za Afrika kule Gabon 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa, kwa sababu mchezaji wao mmoja aliyelalamikiwa hakufika kupimwa. Na tumewahi kuwa upande wa pili vilevile, pale vijana wetu walipoondolewa kwenye mashindano ya 2005 kwa suala hilo hilo la umri.

Kipimo hicho hakifai kwa watoto wetu. Kinajibu swali moja tu, kama mfupa umefunga au bado, na kwa mtoto wa miaka 12 bado hauna cha kusema. Kwa hiyo sisi tunategemea karatasi na mazungumzo. Mwaka juzi mzazi mmoja alileta cheti chenye mwaka fulani wa kuzaliwa, na mwanawe mwenyewe, alipoulizwa alianza darasa la kwanza lini na yuko darasa la ngapi, akatutajia hesabu isiyolingana hata kidogo. Hatukumwaibisha mtoto. Tulimwita mzazi pembeni, tukamhamishia mtoto kundi lake halisi, akacheza huko. Alikuwa wa kawaida.

Nusu ya pili ya tatizo: waliozaliwa mwishoni mwa mwaka

Hata pasipokuwa na udanganyifu, mwaka wenyewe unadanganya. Ndani ya kundi la 2013 na 2014 anaweza kuwepo aliyezaliwa Januari 2013 na aliyezaliwa Desemba 2014. Wametofautiana karibu miezi 24, na katika umri wa miaka 12 hiyo ni tofauti ya kichwa kizima. Kocha akiangalia haraka haraka, macho yanamfuata mkubwa. Ndiyo maana ukienda kwenye akademi nyingi duniani utakuta waliozaliwa Januari hadi Machi wamejaa, wa Oktoba hadi Desemba wachache.

Tunachofanya ni kitu rahisi. Namba za vizibao tunazipanga kwa tarehe ya kuzaliwa: namba 1 ni mkubwa kuliko wote, namba 40 ni mdogo kuliko wote. Kocha akimwona namba 3 anamzidi nguvu namba 38, namba zenyewe zinamkumbusha kwa nini. Watafiti wa Uholanzi walilijaribu jambo hili na maskauti na kulichapisha 2017: kuambiwa tu umri hakukuwabadilisha, lakini walipoelewa kwamba namba za jezi zimefuata umri, upendeleo kwa wakubwa ulipungua. Kwa hiyo mwanao akipewa namba 39 usiichukulie kama ni ya mwisho kwa ubora.

Siku yenyewe inavyokwenda

Fika nusu saa kabla. Meza ya kwanza tunakagua cheti na fomu ya afya, ya pili mtoto anachukua kizibao. Wanapasha misuli pamoja kwa dakika 15, na hapo hatumpi mtu alama.

Hatupimi danadana. Hatuwapangi foleni wazunguke koni. Nimewaona watoto wanaopiga danadana mia mbili na hawajui kumpasia mtu aliye huru mita tano mbele yao. Tunachotaka kuona kinaonekana kwenye mchezo, tena mchezo mdogo, ambapo mtoto hawezi kujificha winga akasubiri mpira umfuate. Uwanja unagawanywa viwanja vidogo vitano vya mita 30 kwa 20, kila kimoja wanacheza wanne kwa wanne, magoli madogo, bila kipa. Waliokulia chandimu watajisikia nyumbani. Watoto 40 wote wanacheza kwa wakati mmoja, hakuna benchi.

Kila mchezo ni dakika nane, halafu timu zinavunjwa na kuchanganywa upya. Kila mtoto anacheza michezo sita na watu tofauti. Timu ikishinda, kila mmoja wa wale wanne anaandikiwa pointi tatu, sare pointi moja, wakifungwa sifuri. Pointi zinamfuata mtoto, hazibaki na timu. Mwisho wa siku, mtoto ambaye kila anapowekwa timu inashinda ana jambo analolifanya, hata kama hatukuliona. Pembeni makocha watatu wanaandika maoni yao bila kuoneshana mpaka jioni.

Makipa tunawaona peke yao kwa nusu saa, halafu wanacheza mechi kubwa ya mwisho. Andika "kipa" kwenye fomu, usingoje kusema siku hiyo.

Nitoe mfano wa mwaka jana, kundi la chini ya miaka 13, lililokuwa la 2012 na 2013. Namba 2 alizaliwa Januari 2012, mrefu, ana mbio, akafunga magoli matano. Namba 37 alizaliwa Novemba 2013, mtoto wa Mbagala, kizibao kinamfika magotini, hakufunga hata moja. Makocha wawili kati ya watatu waliandika juu ya namba 37 maneno yanayofanana: mdogo, anasukumwa. Mmoja wao nilikuwa mimi. Tulipojumlisha pointi, timu za namba 2 zilikuwa zimeshinda michezo miwili tu kati ya sita, pointi sita. Timu za namba 37 zilishinda minne na kutoka sare mmoja: pointi 13 kati ya 18.

Pointi peke yake hazitoshi. Michezo sita ni michache, na mtoto anaweza kubahatika kupangwa na wenzake wazuri mara tatu mfululizo. Kwa hiyo wote wawili tuliwaita siku ya kurudi. Siku hiyo tunawapanga kwa urefu, si kwa mwaka: warefu na warefu, wafupi na wafupi. Namba 2 alipokutana na wenzake wa kimo chake, ile njia ya kusukuma mpira mbele na kuukimbilia ikafungwa, na hakuwa na njia nyingine. Namba 37, akiwa na wa saizi yake, tukaona kile ambacho siku ya kwanza kilifichwa na vifua vya wakubwa: anageuza shingo kuangalia kabla mpira haujamfikia, na mpira ukifika ameshajua unakwenda wapi. Tulimchukua. Namba 2 tulimweleza yeye na mama yake sababu, naye mwaka huu amechukua fomu tena, kundi la chini ya miaka 15.

Afya: yaandike yote kwenye fomu

Fomu ina ukurasa mmoja wa afya, na wazazi huuogopa wakidhani mtoto ataondolewa. Ugonjwa uliofichwa ndio unaotutisha sisi. Mwenye pumu aje na pampu yake, aikabidhi kwa dada wa huduma ya kwanza, atapewa akiihitaji. Mwenye selimundu, kifafa au tatizo la moyo alete maelezo ya daktari wake kwanza. Selimundu hasa, kwa sababu hapa kwetu si ugonjwa wa nadra, na kukimbia kwa nguvu huku mwili umekauka maji kunaweza kumletea mtoto maumivu makali.

Aliyetoka kuugua malaria wiki hiyo asije akacheza. Tuambie, tutamtafutia nafasi kwenye tarehe nyingine ya mwezi huo.

Kuna maumivu mawili ambayo watoto hawayasemi. Moja ni chini kidogo ya kifuniko cha goti, pamevimba na panauma akipiga mpira au akipanda ngazi, kwa kawaida kwa wavulana wanaorefuka kwa kasi kati ya miaka 12 na 14. Jingine ni kisigino, kwa wadogo kidogo, anachechemea baada ya mazoezi na asubuhi yuko sawa. Yote mawili yanatokana na kuvutwa kwa mfupa ambao bado unakua, na dawa yake kubwa ni kupunguza kukimbia kwa muda. Ukimsugua dawa ya kuchua, ukamfunga bandeji na kumleta, anacheza michezo miwili na wa tatu hawezi. Mtoto wa namna hiyo tunamwona vibaya bila kosa lake.

Wiki ya mwisho

Kiwanja chetu ni cha udongo na mchanga. Njumu zenye meno mafupi ya plastiki zinafaa, raba za kawaida zinafaa vilevile. Usiende Karume Ijumaa jioni kumnunulia njumu mpya, maana mguu utachubuka kabla ya mchezo wa tatu. Kama mtoto amezoea kucheza pekupeku, avae hizo raba kwenye chandimu ya mtaani wiki nzima kabla. Vikinga ugoko ni lazima, na hata vya mtumba vinatosha.

Ale masaa mawili kabla ya kucheza. Uji na ndizi, au mkate na chai, basi. Supu na chapati mbili saa 12 asubuhi tumeshaziona zikirudi. Maji lita moja na nusu, chupa iandikwe jina.

Jambo la mwaka huu: Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni huko Marekani, Kanada na Meksiko, na mechi nyingi kwa saa zetu zitakuwa usiku wa manane au alfajiri. Ijumaa ya tarehe 12, mzimie huyo televisheni.

Mzazi ukiwa uwanjani

Kaa nyuma ya kamba. Piga makofi, usifundishe. Kuna baba mmoja alikuwa akipiga kelele "Piga! Piga!" kila mwanawe alipogusa mpira, na mtoto akawa anapiga kweli, kutoka popote. Tulitaka kuona mtoto anachagua nini, tukaona anachochagua baba yake. Siku hizi mwenye kelele tunamwomba akanywe soda upande wa pili wa barabara.

Wasichana wanacheza pamoja na wavulana hadi kundi la chini ya miaka 13, halafu wana kundi lao. Kuna kocha wa kike siku zote. Hakuna kocha anayebaki na mtoto peke yake, wala anayempa lifti mtoto mmoja. Ukichelewa kumchukua, tunakaa naye watu wazima wawili mpaka ufike, hivyo jitahidi usichelewe.

Majibu, na karatasi ya kusaini

Hatubandiki orodha ukutani. Kati ya Jumatatu 29 Juni na Ijumaa 3 Julai kila mzazi wa mtoto aliyeitwa tarehe 27 atapigiwa simu, amepita au hajapita, na ambao hawakuitwa watajulishwa ndani ya siku tatu baada ya siku yao ya kwanza. Ukiuliza sababu utaambiwa, pamoja na pointi zake.

Akipita, utasaini fomu ya usajili na fomu ya ruhusa ya mzazi. Huo si mkataba wa kulipwa, na hautufanyi sisi tummiliki mtoto. Kwa kanuni za FIFA mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18 kumezuiwa isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wenyewe wamehama kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu akija kwako na ahadi ya kumpeleka kijana wa miaka 14 majaribio Ulaya, akataka pasipoti na pesa ya tiketi, mwambie aje mkae naye pamoja na sisi. Kwa uzoefu wangu hawaji.

Akademi inafaidika vipi basi? Kanuni hizo hizo zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa waliomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 23. Kwa miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka ni asilimia 0.25. Aliyekaa kwetu miaka hiyo minne anatuletea asilimia 1: akiuzwa dola 500,000, sisi ni dola 5,000. Fedha hiyo inalipwa na klabu inayomnunua, haitoki mfukoni mwa mchezaji wala kwa mzazi. Ndiyo maana tunasumbua sana juu ya cheti na tarehe za usajili, kwani bila kumbukumbu za kila msimu hakuna wa kutulipa.

Mazoezi yataanza Jumanne 7 Julai, saa 10 jioni, mara tatu kwa wiki. Walio darasa la saba watapumzika mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa, na nafasi zao hazipewi mtu mwingine.